Neno "huenda" nililolifuta

Simu ilipigwa saa mbili na robo asubuhi, kabla sijamaliza chai. Injinia ambaye siku moja kabla nilikuwa nimemrudishia ripoti yake ikiwa imehaririwa hakunisalimia kwa kirefu kama ilivyo desturi yake. Nilipomwamkia, aliitikia shikamoo yangu kwa haraka, kisha akasema, "Dada, umeniandikia jambo ambalo sikulipima."

Nilidhani nimekosea tarakimu. Niliomba anitajie ukurasa.

"Si tarakimu. Umefuta 'huenda'."

Wiki tano zimepita tangu simu ile, na kila ninapofungua ripoti nyingine ya ufundi namsikia akisema hivyo. Kwa miaka kadhaa nimejipatia riziki kwa kunyoosha lugha ya ripoti za ukaguzi, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba kazi yangu ni kuondoa ukungu: vitenzi visivyo na mtendaji, maneno ya kujikinga, na sifa ambazo hakuna aliyezithibitisha. Bado naamini hivyo. Kilichobadilika ni fikra yangu kuhusu ukungu huo unatoka wapi.

## Aya yenyewe

Ripoti ilihusu mnara wa zege unaobeba tangi la maji la lita 45,000 katika shule moja ya pwani. Mnara una nguzo sita. Aya iliyoleta mzozo ilikuwa hii, na ninainukuu kwa ruhusa ya mwenyewe:

> Ukaguzi wa kina ulifanyika katika nguzo za mnara na ilibainika kuwa kuna nyufa kadhaa ambazo kwa kiasi kikubwa zinaonekana kuwa za muda mrefu, na inaaminika kwamba huenda zimesababishwa na kutu ya nondo kutokana na ukaribu wa eneo na bahari pamoja na usimamizi hafifu wakati wa ujenzi. Vipimo vya nyundo vilichukuliwa na matokeo yalikuwa ya kuridhisha, hivyo inaweza kusemwa kwamba zege kwa ujumla bado lina nguvu ya kutosha. Hata hivyo, baadhi ya sehemu zilionekana kuwa na hali isiyoridhisha na inapendekezwa hatua stahiki zichukuliwe mapema iwezekanavyo ili kuepusha madhara yanayoweza kujitokeza, ingawa kwa sasa mnara unaweza kuchukuliwa kuwa salama kwa matumizi.

Yeyote aliyewahi kusoma ripoti za aina hii anaitambua sauti hiyo. Hakuna mtu ndani yake. Ukaguzi "ulifanyika", jambo "lilibainika", kitu fulani "kinaaminika", na mwishoni mnara "unaweza kuchukuliwa kuwa salama" bila kutajwa ni nani anayeuchukua hivyo.

Kiswahili kina mtego wake hapa, na sijaona ukizungumzwa vya kutosha. Kauli ya kutendwa, ile ya "-wa", walau huacha mlango wazi: ukisema "ukaguzi ulifanywa", msomaji anaweza kuuliza ulifanywa na nani, na sentensi ina nafasi ya kumpokea mtu huyo. Kauli ya kutendeka huufunga mlango huo. "Ukaguzi ulifanyika" hausemi ulifanyika na nani. Sarufi yenyewe inakataa. Ndiyo maana "ilibainika", "ilionekana" na "yalipatikana" hupendwa sana maofisini. Hayamfichi mtendaji tu, bali huonyesha kana kwamba hakuwahi kuwapo, na kwamba nyufa zilijitokeza zenyewe mbele ya karatasi.

## Toleo langu la kwanza

Nilifanya nilichozoea kufanya. Nilikata, nikaunganisha, nikampa kila kitenzi nguvu. Hiki ndicho nilichompelekea:

> Kutu ya nondo imesababisha nyufa katika nguzo kadhaa, kwa sababu eneo liko karibu na bahari na usimamizi wa ujenzi ulikuwa hafifu. Vipimo vya nyundo vinaonyesha kwamba zege lina nguvu ya kutosha. Sehemu chache zinahitaji matengenezo ya haraka, lakini mnara ni salama kwa matumizi.

Ilisomeka vizuri.

Nilijivunia. Maneno yalikuwa yamepungua kufikia chini ya nusu, na mkuu wa shule angeielewa kwa kuisoma mara moja. Lakini angalia nilichokitenda. Dhana niliigeuza kuwa chanzo kilichothibitishwa. Mkandarasi ambaye hakuwapo kujitetea nilimtia hatiani. Mnara ambao injinia alisita kuuita salama, mimi niliuita salama, nikiwa nimekaa mezani umbali wa kilomita nyingi, bila kuugusa hata nguzo moja. Aya ya kwanza ilikuwa na ukungu. Ya pili ilikuwa na mwanga wa kutosha, lakini uliangaza mambo ambayo hakuna aliyeyaona.

Niliposhusha simu nilibaki na swali lililonisumbua zaidi ya aibu yenyewe. Kama "huenda" lilikuwa neno la kweli, kwa nini lilisomeka kama neno la woga?

## Daftari

Nilimfuata ofisini kwake mchana ule, nikamwomba anionyeshe daftari la ukaguzi. Hilo ndilo nililopaswa kuomba kabla ya kugusa sentensi hata moja, na sasa siwezi kufanya kazi bila hilo.

Daftari halikuwa na ukungu hata kidogo. Lilikuwa na mchoro wa nguzo sita zenye namba, na kando ya kila nguzo tarakimu za kalamu ya risasi. Nguzo ya 2, ya 4 na ya 5 zilikuwa na nyufa za wima zinazofuata mstari wa nondo, zilizopimwa kwa kadi yenye mistari ya unene tofauti, upana ukiwa kati ya milimita 0.1 na 0.4. Pembeni aliandika: "rangi imo ndani ya ufa." Maneno hayo matano ndiyo yaliyozaa "kwa kiasi kikubwa zinaonekana kuwa za muda mrefu". Mnara ulipakwa rangi mwaka 2019. Kama rangi imeingia ndani ya ufa, basi ufa ulikuwapo kabla ya rangi. Alikuwa na ushahidi mzuri mkononi, lakini alipoketi kuandika kwa lugha ya ripoti aliutupa, akabaki na "zinaonekana".

Nilimuuliza kwa nini.

"Ripoti huandikwa hivyo," alijibu, na nadhani hakuwa na jibu jingine kwa kuwa hata yeye alirithi ripoti za waliomtangulia.

Kisha tukafika kwenye kutu. Alikuwa amepima kwa njia ambayo sikuijua: unaunganisha waya mmoja wa voltimita na nondo, na mwingine na kifaa chenye kipande cha shaba kilichozama katika salfeti ya shaba, ambacho unakiweka juu ya uso wa zege uliolowanishwa. Usomaji unaopatikana ni wa milivolti, na huwa hasi. Kiwango cha Kimarekani kiitwacho ASTM C876 ndicho kinachotumika sana kuutafsiri. Usomaji ukiwa hasi zaidi ya −350, uwezekano kwamba kutu inaendelea mahali hapo wakati wa kupima unazidi asilimia 90. Usipofika hata −200, uwezekano kwamba hakuna kutu inayoendelea ndio unaozidi asilimia 90. Katikati ya namba hizo mbili, kiwango chenyewe kinasema haijulikani.

Nguzo ya 2 ilisoma −410. Nguzo ya 4 na ya 5 zilisoma kati ya −260 na −310.

Nilizitazama tarakimu hizo kwa muda. "Huenda" lake halikuwa woga. Kwa nguzo mbili lilikuwa jibu sahihi la kifaa, neno kwa neno. Kwa nguzo moja lilikuwa dogo kuliko ushahidi. Kosa lake ni kwamba alitandaza neno moja juu ya nguzo zote tatu, hata msomaji asiweze kutofautisha "huenda" lenye milivolti nyuma yake na "huenda" la mtu anayejikinga. Kosa langu lilikuwa kuyafuta yote mawili kwa mkupuo mmoja.

## "Ya kuridhisha"

Sentensi ya nyundo ilikuwa na tatizo la namna nyingine, na hapa injinia ndiye aliyenyamaza.

Nyundo ya Schmidt hugonga uso wa zege na kupima jinsi inavyodunda. Alikuwa amegonga mara tisa katika kila mahali, kama inavyotakiwa, na namba zake zilikuwa kati ya 36 na 40 kwa nguzo tano, na 27 kwa nguzo ya 6. Nilimuuliza "ya kuridhisha" inapimwa kwa kitu gani. Kuridhisha kunamhitaji wa kuridhishwa, na kunahitaji mpaka ambao matokeo yakiufikia ataridhika.

Alieleza bila kuficha. Nyundo hupima ugumu wa uso. Ili uigeuze namba yake kuwa nguvu ya zege unahitaji kukata sampuli za mviringo kutoka zege lilelile, uzivunje maabara, kisha ulinganishe. Hakuwa amekata sampuli, kwa sababu bajeti ya shule haikuwa nayo. Zaidi ya hapo, zege linapozeeka na kufyonza kaboni daioksaidi ya hewani, uso wake huwa mgumu, na nyundo hudunda juu zaidi kuliko nguvu iliyomo ndani. Kwa hiyo namba nzuri kwenye mnara mkongwe inaweza kumdanganya anayeipenda.

"Sasa 'nguvu ya kutosha' imetoka wapi?" niliuliza.

Hakujibu mara moja. Alichukua kalamu, akaikata sentensi yote.

Kwa hiyo sentensi ile haikuwa na dawa ya lugha. Ningeweza kuibadilisha kutoka "inaweza kusemwa kwamba" hadi "naona kwamba", ningempa mtendaji, ningeondoa "kwa ujumla", na bado ingebaki dai lisilo na mguu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba "inaweza kusemwa" hufanya kazi ya alama barabarani: mara nyingi mwandishi huiweka pale ambapo moyoni anajua daraja limekatika. Mhariri anayeing'oa bila kuuliza huwa ameng'oa onyo na kuliacha shimo.

"Usimamizi hafifu" nao ulikwenda njia hiyohiyo. Nyuma yake daftarini kulikuwa na mambo mawili: katika nguzo ya 2 zege linalofunika nondo lilikuwa na unene wa milimita 22 tu, na mguu wa nguzo ya 6 ulikuwa na mapengo kama sega la nyuki, ishara kwamba zege halikushindiliwa vizuri lilipomiminwa. Hayo aliyaona na kuyapima. Kama kulikuwa na msimamizi, kama alilala, kama fundi alibadilisha vibao vya fomu msimamizi akiwa amekwenda kula, hakuyaona, na hakuna kifaa cha kuyapima. Tuliandika unene na mapengo, tukamwacha msimamizi.

## Aibu ya wengine

Nilipokuwa nikisoma kuhusu jambo hili niliikumbuka ajali ya chombo cha anga cha Columbia, kilichovunjika angani tarehe 1 Februari 2003 na kuua wanaanga wote saba. Wakati chombo kikiwa bado angani, wahandisi walitoa slaidi kuhusu kipande cha povu kilichogonga bawa lake wakati wa kuruka. Tume ya uchunguzi baadaye ilieleza kwamba slaidi moja ilitumia neno lenye maana ya "kikubwa" au "muhimu" mara tano, bila kueleza ukubwa gani. Tarakimu yenyewe ilikuwa chini kabisa ya slaidi: kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, ilhali majaribio waliyoyategemea yalitumia kipande cha 3. Kwa vipimo vya jikoni, ni ndoo ya lita 31 dhidi ya vijiko vikubwa vitatu.

Sisemi kwamba neno ndilo lililowaua. Lakini mtu akisoma "kikubwa" hana la kufanya. Akisoma ndoo dhidi ya vijiko vitatu, atainua kichwa.

## Kurudi kwenye nguzo

Siku tatu baadaye injinia alirudi shuleni na patasi na nyundo ya kawaida. Kazi ilikuwa kuchimbua zege mahali pawili na kuitazama nondo kwa macho, ambalo ndilo jambo pekee linaloweza kuimaliza hoja ya kutu. Sitaki kudai kwamba uhariri wangu ndio uliompeleka. Alisema mwenyewe alikuwa ameipanga safari hiyo kichwani tangu mwanzo, ila ripoti ilikuwa imemruhusu kuisahau.

Katika nguzo ya 2 alikuta nondo ya milimita 16 imeliwa hadi 14.5. Katika nguzo ya 4, yenye ufa wa namna ileile, alikuta nondo safi kabisa.

Yaani sentensi yangu, "kutu ya nondo imesababisha nyufa", ilikuwa ya uongo kwa nguzo moja kati ya mbili zilizofunguliwa. Nilipompigia kumuuliza, alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile. Aya ya mwisho tuliiandika pamoja kwa simu, sentensi kwa sentensi, na nilimwachia kila kitenzi:

> Nilikagua nguzo zote sita za mnara, ambao ulijengwa mwaka 2004. Nguzo ya 2, ya 4 na ya 5 zina nyufa za wima zinazofuata nondo, zenye upana wa kati ya milimita 0.1 na 0.4. Rangi imeingia ndani ya nyufa hizo, kwa hiyo zilikuwapo kabla ya mnara kupakwa rangi mwaka 2019. Katika nguzo ya 2 nilichimbua zege na kukuta nondo ya milimita 16 imeliwa na kutu hadi milimita 14.5, zege lililoifunika lina unene wa milimita 22. Katika nguzo ya 4 nilichimbua na sikukuta kutu. Chanzo cha ufa huo sijakijua. Nguzo ya 5 sikuichimbua, na usomaji wake wa volti uko katika eneo ambalo kiwango hakitoi uamuzi, kwa hiyo kutu huenda ipo. Nguzo ya 6 haina ufa, lakini zege la mguu wake lina mapengo. Namba za nyundo ni kati ya 36 na 40, isipokuwa nguzo ya 6 yenye 27. Sikuzigeuza kuwa nguvu ya zege kwa kuwa hatujakata sampuli. Sijakokotoa mzigo ambao nguzo zinaweza kubeba zikiwa katika hali hii, kwa hiyo siwezi kusema kwamba mnara ni salama.

Msomaji makini ataona kwamba "ulijengwa" na "kupakwa" vimebaki katika kauli ya kutendwa. Tuliviacha kwa makusudi, kwa sababu aliyejenga na aliyepaka rangi hawana kazi katika aya hiyo, na kuwaingiza kungempotezea msomaji muda. Ataona pia kwamba "huenda" limerudi. Liko mahali pamoja tu, kwenye nguzo moja, na linasema kwa nini lipo. Aya pia si fupi kuliko ya kwanza. Ni ndefu kwa zaidi ya nusu. Nilihangaika kuipunguza, kisha nikaacha.

## Swali la mkuu wa shule

Nilidhani tumemaliza. Mkuu wa shule aliisoma, akatupigia sote wawili kwa pamoja, akauliza swali moja: "Nimeelewa kila neno. Jumatatu watoto wanafungua shule. Nijaze tangi au nisijaze?"

Hatukuwa na jibu ndani ya aya.

"Inapendekezwa hatua stahiki zichukuliwe" tulikuwa tumelifuta kwa furaha, na kwa haki, kwa sababu halikusema nani, lini wala hatua gani. Lakini hatukuweka kitu mahali pake. Tulikuwa tumeshughulika na ukweli wa yaliyopimwa hadi tukamsahau mtu anayetakiwa kuamua kabla ya kipimo kingine kufanyika. Hapo injinia alinyamaza kwa muda mrefu, nami nikajua kwamba hili si la mhariri. Neno lolote ambalo ningelipendekeza lingekuwa kama "salama" lile la mwanzo, neno la mtu asiyeugusa mnara.

Aliongeza sentensi tatu, na sikubadilisha hata herufi moja:

> Hadi nitakapokokotoa mzigo, ninaagiza tangi lisijazwe zaidi ya nusu, ili nguzo zipunguziwe tani zaidi ya 22. Shule izungushie uzio eneo lililo chini ya mnara na kuwazuia wanafunzi kupita hapo. Nitaleta hesabu na mchoro wa ukarabati wa nguzo ya 2 ndani ya siku 21.

Nilimuuliza kama ana uhakika na "ninaagiza", kwa kuwa wahandisi wengi hukimbilia "inashauriwa". Alisema kama tangi likianguka, hakuna atakayemtafuta "inashauriwa". Watamtafuta yeye, basi afadhali jina lake liwe kwenye kitenzi.

Jumamosi ile mlinzi wa shule alipanda ngazi, akalishusha boya la bomba la kuingizia maji hadi usawa wa nusu, akalifunga kwa waya.